Laki tatu na nusu, Red Dead Redemption 2 inanikwama: nianze na kadi au RAM?

MtotoWaWete

Asalaam alaykum jamani. Niko Wete, n'na Dell OptiPlex 7020 ile ya mnara, niliinunua mtumba kwa bwana mmoja aliyekuwa anafunga ofisi yake Chake. Ndani mna i5-4590, RAM ya 8GB kipande kimoja, na kadi ya GTX 750 Ti ya 2GB niliyopewa na binamu yangu alipohama. SSD nishatia mwaka jana, basi msinambie SSD.

Gemu ni moja tu, Red Dead Redemption 2. Wengine wana mpira wao, mie n'na farasi wangu. Karibu kila kitu nishakiweka chini. Porini inajikokota lakini inakwenda. Nikiingia Saint Denis ndo balaa, inaganda sekunde mbili tatu, inaendelea, inaganda tena, na farasi keshagonga watu watatu na polisi wananitafuta kwa kosa si langu.

Nimeweka laki tatu na nusu, na zikitoka hizo hakuna nyengine mpaka karafuu zichumwe. Kadi au RAM? Sitaki kununua kitu halafu nikakaa nakitazama.

Jabali_Konde

Yakhe, RAM. Usihangaike. Mie kompyuta yangu haina kadi, ina hio Intel HD ya ndani tu. GTA V ilikuwa kama naangalia picha za harusi, moja moja. Nikatia kipande cha pili cha 4GB, gemu ikaamka siku hio hio. RAM haifiki hata elfu hamsini, hizo nyengine tununulie pweza.

Fundi_Mlandege

Jabali hakusema uongo, ila kasema habari ya kompyuta yake. Kompyuta isiyo na kadi hutumia RAM hio hio kuchorea picha. Ukiwa na kipande kimoja cha DDR3 ya 1600, njia yake inapitisha 12.8GB kwa sekunde, na prosesa na picha wanagombania hapo hapo. Ukitia cha pili, njia inakuwa mbili, 25.6GB. Lazima iamke. Mtoto wa Wete yeye ana kadi yenye kumbukumbu yake, kwa hiyo dawa ya Jabali haimfikii kwa njia hio.

Mwanangu, wewe umetaja maradhi mawili ukadhani ni moja. Kujikokota porini ni jambo moja, kuganda mjini ni jambo jengine. Kabla hujatoa hata shilingi nipimie hivi.

Gemu lina kipimo chake mwenyewe, kimo ukurasa wa Graphics. Kina vipande vitano, na cha mwisho ndicho kirefu. Kiendeshe mara tatu bila kugusa setingi nyengine yoyote. Mara ya kwanza kwa 1920x1080. Mara ya pili kwa 1280x720. Mara ya tatu hio hio 1280x720 lakini Resolution Scale uiteremshe mpaka 1/2, picha itakuwa uji mtupu, usijali. Andika wastani wa fremu kila mara.

Halafu ingia Saint Denis kwa mchezo wa kawaida, zunguka dakika kumi, likianza kuganda toka kwa Alt+Tab ufungue Task Manager, upande wa Performance. Kwenye Memory nisomee In use na Committed. Kwenye GPU nisomee Dedicated GPU memory na Shared GPU memory. Hizo mbili za GPU watu hawaziangalii, na ndizo zenye siri yako.

KakaChwaka

Na mie nina shida kama hio hio. Laptopu yangu ina Ryzen 5 3500U, RAM 8, nataka kuitia kadi ya GTX 1650. Itakaa?

Fundi_Mlandege

Kaka, laptopu hio haina pa kutia kadi. Lakini wewe ndiye mgonjwa wa Jabali hasa, kwa sababu Vega yake inakula RAM. Ifungue uone kama mna kipande kimoja na tundu la pili liko tupu. Likiwa tupu, tia kipande cha pili cha ukubwa ule ule. Ukitaka zaidi fungua uzi wako, huu tumuachie mwenyewe.

MtotoWaWete

Nimerudi. Jana umeme ulikatika katikati ya kipimo cha pili, nikaanza upya.

1920x1080: wastani 23.
1280x720: wastani 41.
1280x720 na scale 1/2: wastani 56. Prosesa ilikuwa 98 mpaka 100 muda wote.

Saint Denis: In use 7.5GB, Committed 13.4GB. Dedicated GPU memory 1.9 kati ya 2.0. Shared GPU memory 1.3GB. Hio ya mwisho ndo nini?

Fundi_Mlandege

Umenipa kila kitu. Tusome pamoja.

Ulipopunguza ukubwa wa picha, fremu zikapanda kutoka 23 mpaka 41. Prosesa haijali picha ni kubwa au ndogo, kazi yake ni watu, farasi, mikokoteni na hesabu za mwendo, na hizo hazikupungua hata moja. Anayepumzika picha ikipungua ni kadi. Basi anayekuchelewesha porini ni kadi, hakuna ubishi. Wala si ajabu, maana watengenezaji wenyewe waliandika kadi ya chini kabisa ni GTX 770, na 750 Ti iko nyuma yake sana, majina tu ndo yanafanana.

Ulipoiteremsha tena, zikafika 56 na prosesa ikajaa. Hapo kadi haina kazi tena, na bado hukupita 56. Hio ndio dari ya nyumba yako. Hata ukitia kadi ya milioni mbili, kwa setingi hizo i5 yako itakusimamisha hapo hapo. Kwa hiyo kadi inayokutosha ni ile inayokufikisha 45 au 50 kwenye 1080. Zaidi ya hapo unanunua feni.

Sasa kuganda. Kompyuta imeahidi kuzipa programu 13.4GB na yenyewe ina 8. Zilobaki inaziandika kwenye SSD, na unapopiga kona ukaingia mtaa mpya inabidi izirudishe, ndo zile sekunde mbili. Na hio Shared ya 1.3GB ni mzigo wa kadi. Kadi yako imejaa 2GB yake, iliyomwagika imeiweka kwenye RAM, RAM ambayo tayari haitoshi. Kadi ndogo inakufanya uonekane masikini wa RAM kuliko ulivyo.

BintiKikwajuni

Fundi, kwa maneno yako mwenyewe basi aanze na kadi. Akitia yenye 4GB, ile 1.3 iliyomwagika inarudi kwenye kadi, RAM inapata nafasi, na maradhi yote mawili anayapunguza kwa pesa moja. Mbona RAM inatangulizwa kila mahali?

Fundi_Mlandege

Hoja nzuri, binti. Itapunguza, haitamaliza. Toa 1.3 kwenye 13.4 unabaki na 12 na kitu, na 12GB ndiyo RAM waliyoipendekeza watengenezaji tangu gemu lilipotoka kwenye kompyuta Novemba 2019. Yeye ana 8, na humo humo mna Windows na kivinjari chake chenye kurasa kumi na tano, msinidanganye.

BintiKikwajuni

Si afunge hicho kivinjari, bure.

Fundi_Mlandege

Hilo nakubali.

Dogo_Amani

Nyote mnazunguka. RX 580 ya 8GB, mtumba, nimeona mtu wa bara anauza laki mbili na nusu. Iko juu kuliko 1650 na kumbukumbu yake mara mbili. Pawa saplai ya Dell haina waya wa kadi, ananunua adapta ya kutoka kwenye waya wa SATA, elfu tano. Kwisha.

Fundi_Mlandege

Kuhusu nguvu uko sawa, RX 580 inaipita 1650. Kuhusu adapta, usimfanyie mwenzio hivyo. Waya wa SATA umewekewa wati 54 kwenye volti 12. RX 580 kwa jumla inakula kiasi cha 185, na sehemu kubwa inaitaka kwenye ule mdomo wa pini nane. Plagi ya SATA inaanza kulainika, halafu unasikia harufu. Nimeshaletewa moja imeungua mpaka kwenye diski.

Na pawa saplai ya 7020 ni wati 290 nzima, kwa kila kitu. Atasema abadilishe. Dell hii mazabodi yake haichukui mdomo wa kawaida wa pini 24, ina wake wa pini nane, anahitaji adapta nyengine tena. Jumlisha pawa saplai nzuri, adapta, nauli ya boti, ile laki mbili na nusu imeshavuka bajeti. Halafu zote hizo zimtoe wapi? Pale pale kwenye 56.

Ukiona RX 580 imeandikwa 2048SP mbele, ujue ndani yake ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kaka yake.

Dogo_Amani

Mie yangu natumia adapta mwaka wa pili sasa.

Fundi_Mlandege

Alhamdulillah. Usilale ikiwa imewaka.

MtotoWaWete

Wakati mnabishana nimefanya kitu. Kaka yangu anafundisha skuli, na nyumbani ana Dell ya zamani isiyowaka. Nimetoa RAM yake ya 4GB nikaitia kwangu. Mara ya kwanza haikuwaka, taa ya kitufe ikawa ya machungwa, nikaogopa. Kumbe sikuisukuma mpaka vishikio vikafunga. Sasa n'na 12GB.

1920x1080: wastani 24. Yaani fremu moja tu!
Scale 1/2: wastani 61.
Saint Denis nimezunguka nusu saa. Imeganda mara moja, mwanzoni tu. Lakini inajikokota vile vile, sasa inajikokota bila kukwama.

Jabali_Konde

Si nilisema RAM?

BintiKikwajuni

Fremu moja, Jabali. Moja.

Fundi_Mlandege

Hapo kila mmoja ana haki yake. Wastani haukusogea kwa sababu aliyekuwa anauzuia ni kadi, na kadi hukuigusa. Kuganda kumeondoka kwa sababu ndiko kulikokuwa kwa RAM. Na dari imepanda kutoka 56 mpaka 61 kwa sababu ya ile njia ya pili. 4 na 8 hazilingani, lakini sehemu kubwa inapita njia mbili hata hivyo.

Kama ungenunua RAM peke yake ukaamini maneno ya mtaani, ungefurahi siku moja, ya pili ungeanza kuuliza mbona bado nzito. Na kama ungenunua kadi peke yake, ungepata fremu 45 zinazoganda kila kona. Unahitaji zote mbili, ila fungu la pesa haliendi nusu kwa nusu. RAM ndogo, kadi kubwa.

Muulize kaka yako kama ile 4GB anaiuza. Akikataa, tafuta 8GB ya pili, DDR3 ya mnara. Siyo ya laptopu, hio ni fupi haiingii, wala siyo ya seva, hio inaingia lakini haiwaki. Na kuna vipande vya 8GB vya bei rahisi vilivyoandikwa ni vya AMD tu. Kwenye Intel yako havitawaka, usije ukasema fundi hakunambia.

MtotoWaWete

Kaka amenipa, kwa sharti nimlipie vocha mwezi mzima. Basi 12GB ndo hio. Sasa laki tatu na nusu yote ni ya kadi. Nimepata bei mbili kutoka Unguja: GTX 1050 Ti mtumba laki mbili, GTX 1650 mtumba laki tatu na kumi. Zote 4GB. Tofauti ya laki na kumi ina maana?

Dogo_Amani

1050 Ti inatosha, 4GB ni 4GB. Hio laki na kumi nunua kibodi.

Fundi_Mlandege

4GB zinalingana, kinachozifanyia kazi hakilingani. 1650 inaipita 1050 Ti kwa kiasi cha theluthi hivi. Kwenye gemu hili, ukichukua 1050 Ti utakaa kwenye thalathini na kitu, ukichukua 1650 unakaribia ile dari. Hapo theluthi unaiona kwa macho. Kwenye gemu jepesi ningekwambia kanunue kibodi.

Jengine ni draiva. Nvidia walisimamisha draiva mpya za magemu kwa kadi za kizazi cha 750 Ti na 1050 Ti Oktoba 2025, zinabaki kupata za usalama tu mpaka Oktoba 2028. 1650 ni kizazi cha baada yao, bado imo. Kwa Red Dead peke yake haikuhusu sana, gemu ni la zamani na linafanya kazi. Itakuhusu siku utakapochoka na farasi.

Angalia mgongo wa kadi kabla ya kulipa. Ziko 1650 zenye tundu la pini sita, hizo pawa saplai yako haina waya wake. Wewe unataka ile isiyo na tundu lolote, inayokula wati 75 kutoka kwenye sloti peke yake.

Mzee_Makunduchi

Nasoma tu, ila hapa nina neno. Kadi za mtumba za huku kwetu zinakaa majumba ya pwani. Mwambie muuzaji akupigie picha ya kile chuma cha nyuma panapochomekwa waya wa monita. Kikiwa na kutu, na ndani kuna kutu, hata feni ing'ae vipi. Mjukuu wangu alinunua yenye chuma kimepakwa rangi mpya ya fedha. Ukijiuliza kwa nini mtu apake rangi chuma cha kadi, jibu unalo.

Fundi_Mlandege

Mzee, umesema kubwa. Mie naongeza: asilipe mpaka mtu wake wa Unguja aichomeke na kufungua GPU-Z. Kuna kadi kongwe zimebadilishwa jina kwa ndani, Windows inaamini ni 1050 Ti kumbe ni kitu cha 2010. GPU-Z inazitambua, inaandika [FAKE] mbele ya jina. Halafu aiendeshe kwa gemu lolote zito dakika ishirini, siyo mbili. Kadi iliyochoka haianzi kuonesha vidoti vya rangi mpaka ipate moto.

MtotoWaWete

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilimtuma shemeji yangu wa Michenzani. 1650 ya kwanza chuma kilikuwa na kutu, akaiacha. Ya pili, kwa mtu mwengine, laki tatu na ishirini, hakupunguza hata elfu tano. GPU-Z safi, wakaiendesha nusu saa. Ikaja na boti mpaka Mkoani ndani ya boksi la viatu na kanga mbili za mama, na kanga zenyewe hazijarudi kwa mwenyewe mpaka leo.

1920x1080, setingi zile zile: wastani 47.

Picha za vitu, Texture Quality, nimezipandisha mpaka Ultra, kwenye 2GB ilikuwa hata haiwezekani. Gemu sasa naliona jengine kabisa, nilikuwa sijui kama ngozi ya farasi ina manyoya. Shared GPU memory sasa inasoma 0.3.

Ila Saint Denis sokoni bado kuna vikwazo vidogo, siyo kuganda kama zamani, ni kama kukwaruza. RAM imebaki nafasi, kadi iko asilimia 70. Prosesa 100.

Fundi_Mlandege

Ndo ile dari nilokwambia, umeigusa kwa kichwa. i5 yako ina viini vinne na nyuzi nne tu. Funga fremu kwenye 40 au 45 kwa RivaTuner, prosesa ipate pumzi, utaona mikwaruzo inapungua. Na Water Physics usiiweke juu, ile ni mzigo mkubwa na wewe hukai mtoni.

BintiKikwajuni

Au atafute i7-4770 ya mtumba, inaingia kwenye tundu lile lile. Ndiyo prosesa waliyoipendekeza wenyewe, ile yenye K tu. Nyuzi nane.

Fundi_Mlandege

Inaingia, ndiyo. Je, kwa bei inayouzwa i7 ya zamani sasa hivi inalipa? Mie nasema hapana, weka pesa hio ununue mashine nzima ya kizazi cha mbele, kadi utaihamisha.

BintiKikwajuni

Mashine nzima kwa mtu aliyekopa RAM kwa vocha? Fundi nawe.

Jabali_Konde

Mie bado nasema atie RAM mpaka 16.

MtotoWaWete

Nimefunga 45. Mikwaruzo imepungua, imebaki pale sokoni kwenye tramu. Hio i7 nitaiuliza bei karafuu zikikauka. Kwa sasa kaka anataka vocha yake.